Kifo cha Bi Nahwe kwa njia tatu: kuchagua mila za msiba za jamii unayoibuni

Anayebuni jamii yake mwenyewe kwa ajili ya riwaya huanza na ramani, akaja kwenye lugha, vyakula na wafalme, na akifika kwenye msiba huwa ameshachoka. Basi anawavika watu wake nyeusi, anawasha moto mkubwa au anasukuma ngalawa yenye maiti baharini, kazi imekwisha. Msomaji anaona sherehe nzuri, lakini haelewi watu hawa wanaamini nini kuhusu kufa. Hajui kama marehemu ameondoka, yuko njiani, au bado yumo ndani ya nyumba akisikiliza.

Swali linalopanga kila kitu ni moja: kwa watu hawa, mtu anakuwa amekufa lini hasa, na baada ya hapo ni nani anayebadilika? Ukilijibu, nguo zinajishona zenyewe. Nimechagua majibu matatu, kila moja likiwa na jamii halisi nyuma yake, na nitayajaribu yote kwa maiti mmoja ili uone linalokufaa.

Maiti wetu ni Bi Nahwe wa Watelo, kabila ambalo nimelibuni kwa kazi hii. Watelo wanaishi kando ya ziwa la magadi, kwenye uwanda mweupe usio na mti wa maana. Wanachimba chumvi na magadi na kuyabadilisha kwa nguo, nafaka na mbao zinazoletwa na misafara. Bi Nahwe, mwenye miaka kama sabini, anamiliki jaruba kubwa la chumvi. Anaacha mume, Kaduo. Binti wa kwanza, Sime. Ndugu wa kiume mwenye tamaa na lile jaruba. Na mjukuu wa miaka kumi.

Njia ya kwanza: kifo ni mkato

Pumzi ikitoka, mtu ameondoka. Kilichobaki ni mwili unaostahili heshima na haraka. Sisi wa pwani tunaijua njia hii vizuri kwa kuwa ndiyo ya Waislamu: maiti anaoshwa, anakafiniwa kwa nguo nyeupe zisizoshonwa, tatu kwa mwanamume na tano kwa mwanamke, anasaliwa na kuzikwa mapema iwezekanavyo. Sanda ya tajiri na ya mchuuzi hazitofautiani, na hapo jamii imeshasema jambo kubwa bila hotuba: cheo kimeishia mlangoni.

Baada ya maziko, uzito wote unahamia kwa walio hai. Jamaa wengine wana siku tatu tu za kuomboleza. Mjane anakaa eda ya miezi minne na siku kumi, na kama ana mimba, eda inamalizika anapojifungua. Ukiangalia mavazi yake utaona kwamba hayaongezi kitu, yanapunguza: hakuna manukato, wanja, hina wala nguo ya kujipamba. Mtunzi aizingatie sana tofauti hii. Kuna msiba unaovaliwa na kuna msiba unaovuliwa, na ule wa kuvuliwa hauhitaji fedha wala fundi cherehani.

Kwa Watelo ningeifanya hivi. Bi Nahwe anafariki alfajiri. Kabla jua halijawa kali ameshafukiwa kwenye udongo wa kando ya ziwa, amefungwa kwa kitambaa kisichotiwa rangi. Kaduo mumewe anavua viatu vya ngozi vinavyokinga miguu isichomwe na magadi, naye hataingia majarubani hadi mavuno yanayofuata. Anavaa nyeupe. Kwenye uwanda ule mweupe, saa sita mchana, mtu aliyevaa nyeupe huwezi kumwona hata akiwa hatua mia mbili kutoka ulipo. Watelo wanataka hasa hivyo: mfiwa atoweke machoni pa watu kwa muda, maana nusu yake imekwenda.

Faida ya njia hii ni wepesi. Maziko yanaisha katika ukurasa mmoja na hadithi inabaki na mtu aliye hai anayengoja. Lakini ukichagua kungoja, lazima ujue wanangoja nini. Eda ina sababu zinazoeleweka, mojawapo ikiwa kujulikana kwa mimba. Kaduo ni mwanamume, kwa hiyo sababu hiyo haimhusu, na ukimwekea muda bila sababu msomaji ataona kwamba umenakili. Mimi ningesema anangoja jaruba la mkewe lijae na kukauka mara moja bila mkono wake, ili ijulikane kama chumvi ile ilikuwa ya mke au ya mume. Hapo kungoja kumekuwa kesi ya mali, na yule ndugu mwenye tamaa anahesabu siku pamoja naye.

Njia ya pili: kifo ni safari ndefu

Watoraja wa milima ya Sulawesi, Indonesia, ndio mfano ambao watu wengi wamewahi kuusikia na wachache wameufikiria vya kutosha. Mtu akikata roho, familia haisemi amekufa. Inasema ni mgonjwa. Mwili unahifadhiwa nyumbani, zamani kwa dawa za majani na siku hizi kwa formalini, kwa miezi na pengine miaka, huku familia ikikusanya fedha na kungoja jamaa warudi kutoka mbali. Anapelekewa chakula na kahawa, anaongeleshwa. Kifo chenyewe kinahesabiwa pale sherehe inapoanza na nyati wa kwanza kuchinjwa.

Kuna fikra moja inayofungua mlango wa njia hii. Robert Hertz, Mfaransa aliyeandika mwaka 1907 kuhusu Wadayak wa Borneo, alionyesha kwamba mambo matatu yanakwenda pamoja: hali ya mwili, hali ya roho na hali ya wafiwa. Wakati mwili unaoza, roho inatangatanga na wafiwa wamefungwa na miiko. Mifupa ikishakauka na kuwa safi, roho imefika na wafiwa wako huru. Saa ni moja, mishale mitatu. Ukiujenga msiba wako hivyo hutakosea, kwa sababu kila ukiulizwa kuhusu mmoja unaangalia wawili wale wengine.

Watelo wanaifaa njia hii kuliko zote kwa sababu ya ardhi yao. Kwenye joto, maiti hakai bila kitu cha kumkausha, na Watelo wameketi juu yake. Wamisri wa kale walizika maiti zao katika natroni, chumvi ya jamii moja na magadi ya maziwa yetu ya Bonde la Ufa, na kazi yote ya kumtengeneza maiti ilichukua siku kama sabini. Kwa hiyo Bi Nahwe analazwa chumba cha nyuma ndani ya sanduku la magadi makavu, na magadi yanabadilishwa yakishalowa.

Sasa tazama nguo. Sime, binti yake, bado anavaa kanga yake ya rangi na shanga shingoni. Anacheka, anakwenda sokoni. Mgeni akimkuta atadhani hana uchungu. Kila asubuhi shangazi mtu mzima anaingia chumba cha nyuma, anachukua bonge la chumvi alilomwekea marehemu kifuani usiku, na kulibonyeza kwa kidole gumba.

"Shikamoo shangazi. Vipi leo?"

"Marahaba, mwanangu. Bado limelowa. Mama yako amelala bado."

"Basi nimpelekee uji."

Siku bonge litakapoamka kavu, shangazi atatoka nalo mkononi bila kusema neno, na hapo ndipo Sime ataangua kilio na kuvua shanga. Msiba umeanza miezi mitano baada ya pumzi ya mwisho. Bonge lile limefanya kazi ya daktari, kadhi na mpiga mbiu kwa pamoja, na wewe mtunzi umeonyesha imani ya watu hawa bila kumweka mzee mmoja chini ya mti aieleze.

Mavazi ya njia hii, kwa sehemu kubwa, ni ya marehemu. Kwenye nyanda za juu za Madagaska, wakati wa baridi kati ya Juni na Septemba, familia za Wamerina na Wabetsileo hufungua makaburi kila baada ya miaka kadhaa, huwatoa wahenga wao, huwafunga upya kwa sanda za hariri na kucheza nao kabla ya kuwarudisha. Sherehe inaitwa famadihana. Nguo mpya ni zawadi ambayo wahenga wanaihitaji, na asiyewapa anajua kwamba watamlaumu. Kwa Watelo, basi, kila jamaa wa Bi Nahwe analeta kitambaa, na kitambaa ni ghali maana kinatoka kwa msafara. Ningekifanya chekundu. Njia ya wafu inapita katikati ya uwanda mweupe, na anayekuja kumpokea anapaswa kumwona kutoka mbali.

Ubaya wake ni gharama, tena si ndogo. Kwa Watoraja familia hujilimbikizia madeni ya nyati ambayo watoto huyarithi. Riwaya ikiichukua njia hii bila kuonyesha anayelipa, itakuwa utalii. Ubaya wa pili ndio unaonivutia zaidi: kwa kuwa Bi Nahwe "amelala", jaruba bado ni lake. Hakuna urithi. Yule ndugu hawezi kudai chochote, na Sime akitaka kuchelewesha mambo anahitaji tu kulilowesha bonge la chumvi usiku. Hiyo peke yake inatosha kubeba theluthi ya kitabu.

Njia ya tatu: kifo ni pengo katika ukoo

Hapa swali la marehemu yuko wapi halina uzito sana. Kilichotokea ni kwamba fundo moja la wavu wa ukoo limekatika, na kila aliye karibu na fundo lile anatakiwa kuonyesha ukaribu wake. China ya zamani iliipanga njia hii kwa madaraja matano ya mavazi ya msiba. Daraja la juu lilikuwa la nguo ya katani nene isiyopindwa ukingo, nyuzi zikiningʼinia, na muda wake ni miaka mitatu, ambayo kwa hesabu halisi ilikuwa miezi 27. Yaliyofuata yalikuwa ya mwaka mmoja, miezi tisa, mitano na mitatu, na kitambaa kilizidi kuwa laini kadiri udugu ulivyozidi kuwa mbali. Mtu akiingia kwenye msiba anasoma ukoo mzima kwa macho kabla hajasalimia.

Uzuri wake ni kwamba haki na dhuluma zinavaliwa mwilini. Kwa karne nyingi mwana alivaa daraja la juu kwa baba, lakini kwa mama alivaa la chini yake, na kama baba alikuwa hai muda ulipungua hadi mwaka mmoja. Mwaka 1374 mfalme wa kwanza wa nasaba ya Ming aliamuru mama aombolezewe sawa na baba. Amri juu ya ukingo wa nguo ilikuwa amri juu ya thamani ya mwanamke. Afisa wa serikali aliyefiwa na mzazi alilazimika kuacha kazi kwa muda wote huo. Mwaka 1577 waziri mkuu Zhang Juzheng alifiwa na baba yake, akaruhusiwa na mfalme kubaki kazini, na maafisa waliopinga wakachapwa viboko ikulu. Waliona kwamba asiyemlilia baba hawezi kuaminiwa na nchi. Ukitaka hadithi ya siasa, hapo umeipata ikiwa imepikwa tayari.

Kwa Watelo nisingetumia rangi kabisa katika njia hii. Ningetumia matamvua. Sime anafumua ukingo wa nguo yake kwa upana wa kiganja, mjukuu kwa vidole viwili, ndugu wa marehemu kwa kidole kimoja. Nyuzi zinaachwa zikatike zenyewe kwa chumvi na upepo. Zikiisha, msiba umeisha. Ndugu mwenye tamaa anatokea akiwa amefumua upana wa kiganja. Hajasema anadai jaruba, lakini kila aliyekuwepo amemwelewa, na Sime anamwendea na sindano.

Tatizo la njia hii ni kwamba inahitaji msomaji aujue ukoo. Kama kitabu chako kina familia ya watu wanne, madaraja matano ni mzigo. Na marehemu mwenyewe anapotea. Unaweza kumaliza msiba mzima bila kujua Bi Nahwe alikuwa mtu wa namna gani.

Kuhusu nyeusi

Nyeusi ya riwaya nyingi za kubuni inatokana na Uingereza ya karne ya 19. Mume wa Malkia Victoria alifariki tarehe 14 Desemba 1861, naye akavaa nyeusi hadi kifo chake mwaka 1901. Wajane wa tabaka lake walivaa krepi, hariri iliyofifishwa isingʼae, kisha baada ya mwaka na zaidi wakaruhusiwa kurudi polepole kwenye kijivu na zambarau hafifu. Nyuma ya desturi ile kulikuwa na viwanda na maduka ya nguo za msiba tu, na krepi yenyewe ilikuwa ghali na ikiharibika kwa mvua. Watu wako wa mlimani wasio na kiwanda wala rangi ya kununua wameipata wapi nyeusi? Kama wanaipata kwa masizi au tope, sawa, ila tuione ikichafua mikono. Waakan wa Ghana huvaa nyekundu na rangi za kahawia iliyoiva kwa msiba wa karibu, na nyeupe huingia pale marehemu alipokuwa mzee sana na maisha yake yanashangiliwa. Rangi inaweza kusema kifo hiki ni cha aina gani, na hiyo ni zaidi ya kusema tu kwamba kimetokea.

Jaribio la maiti asiyepatikana

Kabla hujaamua, mtoe Bi Nahwe kwenye kitanda chake. Mpeleke na msafara, na msafara usirudi. Kila njia itavunjika mahali pake, na mahali inapovunjika ndipo utakapoijua.

Njia ya kwanza inavunjika kwenye tarehe. Kungoja kunaanza lini kama hakuna aliyeona mkato? Sheria ya Kiislamu ilikutana na swali hili zamani, la mume aliyepotea asijulikane yu hai au amekufa. Katika madhehebu ya Imamu Malik mke anangoja miaka minne, kisha anakaa eda ya kufiwa. Tazama kilichofanyika: kwa kuwa mkato haukuonekana, umewekwa na hakimu. Watelo wa njia ya kwanza nao watahitaji mtu mwenye mamlaka ya kutamka kifo, na huyo ni mhusika ambaye bado hujamuumba.

Njia ya tatu ndiyo inayoyumba kidogo kuliko zote. Pengo lipo hata mwili usipokuwepo. Habari ikifika, nguo zinafumuliwa. Ila kama Bi Nahwe atarudi akiwa hai, atawakuta watu wamevaa ukubwa wa upendo wao, na wengine atawakuta na ukingo mzima.

Njia ya pili inavunjika vibaya sana. Bila mwili hakuna kukauka, bila kukauka roho haifiki, na wafiwa hawafunguliwi. Usikimbilie kuirekebisha. Wape Watelo suluhisho baya: wanafuma kitambaa chenye urefu wa marehemu, wanakilaza kwenye magadi, na kila asubuhi shangazi anabonyeza bonge la chumvi. Kitambaa kikavu hakiloweshi chumvi. Siku ya kwanza tu bonge linaamka kavu, na mtu ambaye angelala miezi mitano anatangazwa amekufa kwa usiku mmoja. Wazee watasema basi ndivyo ilivyo. Sime hatakubali, na sioni kwa nini akubali.

Ipi uichukue

Kwa Watelo naichukua ya pili bila kusitasita, kwa kuwa ardhi yao inaidai na mgogoro wa jaruba unapata muda wa kuiva. Kama unaandika hadithi fupi, au simulizi ya mtu mmoja anayejifunza kuishi upya, ya kwanza itakutosha na haitakula kurasa. Ya tatu iache kwa riwaya ya ukoo mkubwa au ya ikulu, mahali ambapo nani amesimama karibu na nani ndiyo habari yenyewe.

Kuchanganya kunawezekana, lakini uti wa mgongo uwe mmoja. Kosa linalotokea mara nyingi ni saa mbili katika nyumba moja: marehemu bado "amelala" chumba cha nyuma, huku mjane ameshamaliza msiba wake na anaposwa. Kulikamata ni rahisi. Mchukue yule mjukuu wa miaka kumi, mwulize, "Bibi yako yuko wapi sasa?" kisha angalia amevaa nini anapojibu. Akisema "amelala" na matamvua yake yameshafumuliwa, umeazima nguo ya njia ya tatu kwa imani ya njia ya pili. Inaruhusiwa, ila lazima awepo mtu hapo kijijini anayeiona kasoro hiyo na kugombana juu yake, la sivyo ni kosa lako, si lao.

Na Watoraja, Wamalagasi na wajane wanaokaa eda leo ni watu walio hai wenye misiba yao. Chukua mantiki, yaani saa, mpaka, daraja, na uache majina, dua na vyakula vyao vya ibada vilipo. Mantiki ukiipanda kwenye ardhi yako itaota kitu kingine, kama lile bonge la chumvi, ambalo halitoki Sulawesi wala Antananarivo.

Likibaki jambo la kuandika kabla ya sura ya maziko, andika bei. Kitambaa chekundu cha Bi Nahwe kimenunuliwa kwa magunia mangapi ya chumvi, msafara ulikuja lini, na ni nani katika ukoo hakuweza kuleta chake.